Shajara ya mabuu: kutoka soko la Chake Chake hadi banda la kuku, Februari hadi Juni 2025

9 Februari

Leo nimejaza kreti nne za kwanza katika kibanda cha makuti nyuma ya nyumba yetu, Vitongoji, Pemba. Naanza kuandika siku hii hii, kwa sababu mambo ya mwanzo ndiyo yanayosahaulika upesi. Nia ni moja: kupata protini ya kuwalisha kuku wangu 40 wa mayai bila kutegemea dagaa peke yao, maana dagaa tunaowapata kwa chakula cha kuku mara nyingi huwa na mchanga mwingi, na mchanga huo tunaulipia kwa kilo kama samaki.

Mabuu ninaowafuga ni wa inzi askari mweusi, ambaye jina lake la kitaalamu ni *Hermetia illucens*. Asili yake ni bara la Amerika, lakini siku hizi yupo katika nchi nyingi za joto. Majirani wameniuliza kama ninazalisha inzi wa chooni, na jibu linaonekana kwa macho: huyu ni mrefu, mwembamba, mweusi, anafanana zaidi na nyigu, na karibu na kiuno chake pana vioo viwili vinavyopitisha mwanga. Akishakuwa inzi kamili hali chakula, hunywa maji tu, na huishi kwa muda wa wiki moja hivi, basi hana haja ya kuingia jikoni wala kutua juu ya sahani. Kula kote hukufanya akiwa buu.

Mbegu nilipewa na mfugaji mwenzangu wa Unguja: mabuu wa siku tano waliokuzwa tangu kuanguliwa kwa chakula laini cha vifaranga kilicholoweshwa. Kuwahesabu mmoja mmoja hakuwezekani, kwa hiyo nilipima gramu 1, nikaihesabu kwa kijiti cha kibiriti juu ya karatasi nyeupe, nikapata mabuu 310. Gramu 32 basi ni karibu mabuu 10,000, na hicho ndicho kiasi nilichotia katika kila kreti yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Kila kreti itapokea kilo 15 za taka kwa siku 12, kwa mafungu matatu: leo, siku ya tano na siku ya nane. Kreti mbili zinakula maganda na viporo vya majumbani. Mbili zinakula taka za sokoni, ambazo kwa msimu huu ni matikiti, mapapai na tungule zilizopondeka.

Taka za hoteli sikuzichukua ingawa nilielekezwa kwazo. Siwezi kuhakikisha kuwa hazikuchanganyika na nyama ya nguruwe, na kuku hawa na mayai yao wataliwa na watu wa mtaa huu. Nguruwe pia hulishwa mabuu hawa hawa katika nchi wanakofugwa, na Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha kuku na cha nguruwe mwaka 2021, ila kwa sharti kwamba wadudu wenyewe wasilishwe taka za jikoni. Sharti hilo nalichukua kama onyo la kuwa mwangalifu na chanzo cha taka, hata huku ambako sheria hiyo haifiki.

14 Februari

Fungu la pili limetiwa. Katika kreti za sokoni pana maji ya rangi ya chai chini, na mabuu wamepanda kwenye kuta. Asubuhi nilikuta kiasi cha kiganja kimoja wameanguka sakafuni na sisimizi wamekwisha kuwafikia. Nimesimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo ya taa juu yake. Sisimizi wamekatika, lakini mabuu wanaendelea kupanda.

21 Februari

Siku ya mavuno, na tofauti imenishangaza. Kreti mbili za jikoni zimetoa kilo 1.8 na kilo 1.9 za mabuu. Kreti mbili za sokoni zimetoa gramu 600 na gramu 550, na hata hizo nilizipata kwa kuokota kwa mkono kwa saa mbili, kwa sababu mabaki yalikuwa tope zito linaloziba chekeche na kunuka kama mtaro uliosimama. Kwa kreti za jikoni nilitikisa chekeche kwa dakika kumi tu: mabaki yalianguka kama kahawa iliyosagwa, mabuu wakabaki juu, wanene, wa rangi ya maziwa.

Umri, idadi ya mabuu, kibanda na uzito wa taka vilikuwa sawa kote. Jibu lazima liwe ndani ya taka zenyewe.

23 Februari

Nimefanya kipimo ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kununua hata kreti moja. Nilichukua kilo 1 ya taka za sokoni zilizochanganywa vizuri, nikazikatakata, nikazianika juani kwenye sinia kisha nikazimalizia juu ya jiko la mkaa kwa moto mdogo, nikipima kila baada ya muda mpaka uzito ukaacha kupungua. Zilibaki gramu 120. Kilo 1 ya viporo na maganda ya muhogo ilibakisha gramu 260.

Hicho kinachobaki baada ya maji kutoka nitakiita ukavu katika shajara hii, na ndicho chakula. Yaliyobaki ni maji. Kwa hiyo kilo 15 za sokoni zilikuwa na chakula kilo 1.8 tu, na kilo 15 za jikoni zilikuwa na kilo 3.9. Nilidhani nimewalisha mabuu wote sawasawa, kumbe kundi moja nililipa chini ya nusu, na nikalizamisha juu yake. Buu hupumua kwa matundu yaliyo mwilini mwake, na akiwa ndani ya uji mzito hewa haimfikii. Hupanda ukutani kwa kutafuta pumzi. Maji yanapojaza nafasi zote ndani ya taka, vijidudu vinavyoishi pasipo hewa hushika nafasi, na ile harufu ya mtaro ni kazi yao.

Lengo langu sasa ni taka zenye ukavu wa robo, yaani maji asilimia 75 hivi. Kipimo cha mkono kinachoendana nalo ni hiki: ukikamata konzi ya mchanganyiko na kuikamua kwa nguvu, yanatoka matone machache kati ya vidole. Yakitiririka, ni mengi. Mkono ukibaki mkavu, ni machache, na mabuu hawataweza kufyonza chakula chao.

11 Machi

Kwa wiki mbili nimetumia njia ya kwanza iliyonijia, kuongeza pumba za mpunga. Pumba zangu zina ukavu wa asilimia 90, na hesabu yake ni nyepesi: kilo 10 za taka za sokoni zina ukavu kilo 1.2, nikitia kilo 2 za pumba naongeza kilo 1.8, jumla ni kilo 12 zenye ukavu kilo 3, ambayo ni robo kamili.

Kreti ya 7, iliyolishwa hivi, imetoa kilo 1.9 na mabaki makavu yanayochekecheka. Tatizo la mabuu limekwisha, lakini limezaliwa tatizo jingine ambalo siwezi kulifumbia macho. Kwa kreti ya kilo 15 natumia kilo 2.5 za pumba, na pumba kuku wanazila wenyewe moja kwa moja. Nachukua chakula cha kuku kilo 2.5, nawapa mabuu, napata kilo 1.9 za mabuu ambao theluthi mbili yao ni maji. Ni kweli kwamba ninachopata ni protini na mafuta mahali pa wanga, lakini huo si mradi wa taka tena, ni mradi wa pumba. Nilijaribu unga wa mbao badala yake katika kreti moja: ulikausha vizuri, lakini mabuu hawauli, na uzito wa mavuno ulibaki kilo 1.

16 Machi

Tumo ndani ya Ramadhani, na kila nyumba inapika futari kwa tui. Jioni nilikuwa kwa shangazi yangu, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na mimi namweleza shida yangu ya maji. Alikuwa akitia nazi ndani ya kifumbu, akakizungusha na kukiminya mpaka tui la mwisho likatoka, kisha akayamwaga machicha kwenye ungo.

"Sasa wewe, mwanangu," aliniambia, "mimi nazi siiongezi pumba ili ikauke. Naikamua. Hizo taka zako kwa nini huzikamui?"

Sikuwa na jibu. Niliyashika yale machicha mkononi: mepesi, yanayoachana, yenye unyevu usiodondoka. Nilimwomba niyachukue, naye akanifungia na ya jirani zake wawili ambayo yangetupwa chini ya mgomba. Nyumbani nilipima, kilo 1 ya machicha ikabakisha gramu 450 za ukavu.

17 Machi

Kifumbu cha kukamulia taka nimekitengeneza kwa pakacha kubwa la makuti mabichi. Taka zilizokatwakatwa zinatiwa ndani, juu yake kibao, juu ya kibao mawe mawili mazito, na chini ndoo ya kukinga. Ziliachwa usiku kucha. Kilo 10 zilizoingia zimetoka kilo 7, na kipimo cha kukausha kinanipa gramu 150 kwa kila kilo. Kwa hiyo maji yaliyotoka, kilo 3, yameondoka na gramu 150 hivi za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka, hasara ambayo naikubali. Sehemu ya maji hayo naiweka ikachachuka kwenye ndoo chini ya vibao vya kutagia, kwa sababu inzi jike hutaga penye ufa mkavu ulio karibu na harufu ya kitu kinachooza. Yanayobaki nayazimua na kumwagia migomba.

Mchanganyiko wa kreti ya 10 leo: taka zilizokamuliwa kilo 11, machicha kilo 3.2, pumba gramu 800. Ukavu wake ni kilo 3.8 katika kilo 15, robo na zaidi kidogo. Pumba zimeshuka kutoka kilo 2.5 hadi chini ya kilo 1.

29 Machi

Kreti ya 10 imetoa kilo 1.9, na mabaki kilo 4.2 ya mbolea yenye harufu ya udongo. Katika kreti ya 11 nilijaribu kuacha pumba kabisa na kujaza nafasi yake kwa machicha, na hapo nimepata mpaka wa njia hii. Machicha bado yana mafuta mengi. Yalipozidi, juu ya kreti paligandama utando uliochacha, na chini yake taka zilipata joto na kukosa hewa. Mavuno yalikuwa kilo 1.2. Machicha sitayapitisha robo ya uzito wa kreti.

8 Aprili

Kreti ya 14 imekufa yote kwa siku moja, na naandika dalili zake kwa urefu kwa sababu hazifanani na za maji. Mabuu hawakupanda ukutani. Walilala juu ya chakula wamenyooka, laini, wengine wakijipinda polepole walipoguswa, na taka hazikuwa na harufu yoyote mbaya. Nilirudi sokoni na kuuliza kwa upole, nikaambiwa kwamba rundo lile la majani ya mboga lilikuwa limepuliziwa dawa ya inzi jioni iliyotangulia ili lisikusanye inzi wa kawaida. Hakuna aliyekusudia ubaya, na mimi ndiye niliyechukua bila kuuliza.

Tangu leo kila mzigo unaingia kwanza kwenye kikombe: konzi moja ya taka, mabuu wapatao mia, usiku mmoja. Wakiamka hai na wamezama ndani ya chakula, mzigo unaingia kreti. Kipimo hiki hakigundui kila kitu. Madini mazito kama kadimiamu hayamuui buu, hujikusanya mwilini mwake na kupita kwa kuku, kwa hiyo taka zilizookotwa penye betri, rangi au majivu ya jaa sizichukui, hata zikifaulu kikombe.

27 Aprili

Masika yameshika. Taka za sokoni zinalowa kabla sijazifikia, na kipimo cha ukavu kimeshuka hadi gramu 90 kwa kilo. Pakacha sasa linakaa usiku mmoja na mchana wake. Hilo linawezekana kulisimamia.

Gumu zaidi ni mayai. Inzi hawa hupandana kwa mwanga mkali wa jua, na tundu langu la chandarua ninamowaweka limekuwa chini ya mawingu kwa siku tisa. Vibao vya kutagia, ambavyo mwezi wa Machi vilinipa mayai ya kutosha, wiki hii vimetoa gramu moja tu kwa siku tatu. Gramu moja ya mayai ni mayai zaidi ya 30,000, kwa hiyo bado nina mbegu ya kreti tatu, lakini si kila kreti niliyoipanga. Nimelihamisha tundu kutoka upenuni hadi uwanjani upande wa mashariki ili lipate jua la asubuhi linapochomoza kati ya mvua mbili, na nimefunika juu kwa nailoni angavu. Nimeongeza pia mabuu ninaowaacha wageuke kuwa mabundo, hatua ya kati ya buu na inzi, kutoka mmoja katika hamsini hadi mmoja katika ishirini. Hao hujitenga wenyewe: rangi yao hugeuka kahawia hadi nyeusi, huacha kula na kuondoka kwenye unyevu kutafuta mahali pakavu penye giza. Wa kulisha kuku lazima wavunwe kabla ya hapo, maana wakishakuwa weusi ganda lao huwa gumu na kuku hufaidika nalo kidogo.

10 Mei

Kuku nimewagawa makundi mawili ya 20 kwa majuma manne. Kundi la kwanza linaendelea na chakula cha zamani chenye dagaa sehemu moja katika kumi. Kundi la pili dagaa wake nimewapunguza kwa nusu, na kila kuku anapata gramu 25 za mabuu wabichi, yaani nusu kilo kwa kundi kwa siku. Hesabu yake ni kwamba gramu 25 za mabuu zina ukavu wa gramu 8 hivi, na katika ukavu huo protini ni karibu asilimia 40, kwa hiyo gramu 3 na ushei, ambazo zinakaribia kulingana na nusu ya dagaa niliyoiondoa. Kwa wiki nahitaji kilo 3.5 za mabuu, na kreti mbili zinazovunwa kila wiki zinatosha na kubakisha kidogo.

Mabuu nawachovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili kabla ya kuwapa kuku. Wanaobaki huanikwa juu ya jamvi kama karafuu, lakini chini ya wavu, kwa sababu siku ya kwanza isiyo na wavu kunguru walimaliza jamvi zima kabla sijarudi na maji ya kunawa.

Mteja wangu mmoja wa mayai, bibi wa makamo, aliponiona aliuliza, "Kijana wangu, kuku hawa wanakula funza wa jaani, na mimi mayai yake nitayala vipi?" Nilimwita aone kreti, kikombe cha majaribio na sufuria ya kuchemshia. Alinusa mabaki, akashika mbolea mkononi, kisha akasema atamuuliza sheikh wake kwanza. Nilimwambia ni haki yake, na nikamwekea trei ya mayai ya kundi la kwanza mpaka atakapopata jibu.

8 Juni

Majuma manne yamekwisha. Kundi la dagaa limetaga wastani wa mayai 15 kwa siku, na kundi la mabuu 15 pia, likiwa juu kwa yai moja katika wiki ya tatu na chini kwa yai moja katika ya nne. Kwa kuku 20 tofauti hiyo haina maana yoyote, na sitadai kuwa mabuu wanaongeza utagaji. Ninachoweza kusema ni kwamba nusu ya dagaa imeondoka na mayai hayakupungua. Dagaa wote sijawaondoa. Mafuta ya mabuu ni mengi, theluthi ya ukavu wao, na nataka kwanza kuona uzito wa kuku kwa muda mrefu zaidi.

Bibi amerudi. Sheikh alimuuliza kama kuku hao wanakula najisi, naye akamweleza alichokiona: maganda, machicha, viporo, mabuu waliochemshwa. Leo amechukua trei mbili za kundi la pili.

15 Juni

Kusi limeshika na usiku kuna baridi. Kipimajoto katikati ya kreti kilisoma nyuzi 38 mchana, ambalo ni joto la mabuu wenyewe wakila, lakini kreti za mabuu wachanga, wasiotoa joto bado, zilishuka hadi nyuzi 23 alfajiri, na wamechelewa kwa siku mbili kufikia ukubwa wa kutiwa kwenye taka. Nimezisogeza hizo za wachanga katikati ya rafu, zizungukwe na kreti za wakubwa, na nimeziba upande wa kusini wa kibanda kwa makuti.

Kreti ya 29 imejazwa leo: taka zilizokamuliwa kilo 11, machicha kilo 3, pumba kilo 1. Itachekechwa tarehe 27.